Saba Mara Ngapi, Ibaki Nne

Nolfa Bastías alifundisha hesabu za mabaki katika chuo kimoja cha ualimu mjini Talca, na alizifundisha kwa hasira, kama mama anayelisha mtoto asiyetaka kula. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, hajaolewa wala hana mpango. Chai yake aliinywa bila sukari, na asipoulizwa habari hiyo alikutangazia mwenyewe. Wanafunzi walimwogopa hadi Agosti hivi, kisha wakagundua kwamba anacheka haraka kuliko anavyogomba, wakaanza kumchokoza.

Kila mwaka kulikuwa na siku moja ambayo hata watoro walihudhuria. Ilikuwa siku ya namba iliyofichwa. Chile mtu hatembei bila namba yake ya kitambulisho. Hata ukienda kununua vidonge vya kichwa, muuzaji anakuuliza namba kwanza, kichwa baadaye. Tarakimu ya mwisho ya namba hiyo, ile inayoandikwa baada ya kistari, haichaguliwi na mtu. Inatokana na zile za mbele. Unazidisha tarakimu kuanzia kulia, ya kwanza kwa mbili, ya pili kwa tatu, hivyo hivyo hadi saba, kisha unarudi kwenye mbili. Unajumlisha zote, unaongeza na ile ya mwisho, na jumla lazima igawanyike kwa kumi na moja bila kubaki kitu. Ikitakiwa ya mwisho iwe kumi, basi kwa kuwa kumi si tarakimu moja, wanaandika herufi K. Ndiyo maana kuna watu waungwana kabisa ambao namba zao zinaishia na K.

Basi siku hiyo mwanafunzi aliandika namba yake ubaoni, akafunika tarakimu moja kwa kiganja, na Nolfa akaitaja ile iliyofichwa kabla vumbi la chaki halijatua. Darasa zima lilipiga makofi. Yeye alijifanya hajali, na alijali sana.

Mwaka huu namba aliileta yeye mwenyewe, na hapo ndipo maisha yake yalipopinduka chini juu.

Baba yake Nolfa alikuwa jina tu. Leandro Gormaz, seremala, alifika Talca baada ya wanajeshi kuchukua nchi, akapanga chumba kwa shangazi wa Orfelina, mama yake Nolfa, akapata kazi katika karakana ya samani ya tajiri mmoja, don Eleuterio, akampata na Orfelina mwenyewe. Alikaa hadi mtoto alipoota meno mawili. Kisha akaondoka, bila kwaheri, bila hata nguo zake. Mtoto akaandikishwa kwa jina la ukoo wa mama. Mtaa mzima uliamua kwamba Leandro ana mke mwingine ng'ambo ya milima, Argentina, na Orfelina akaamini, kwa sababu mwanamke aliyeachwa na mtoto mgongoni lazima aamini kitu. Nolfa alilelewa na matusi ya kumtukana baba yake jinsi watoto wengine wanavyolelewa na nyimbo. Akayazoea, akayapenda, akayaongezea ya kwake.

Jumapili iliyotangulia siku ya namba iliyofichwa, Orfelina alimwita chumbani. Moyo wake ulikuwa umechoka; daktari alikuwa amepanga kumpasua, na hakuficha kwamba huenda asiamke. Alikuwa amekaa kitandani na kitu kizito mapajani, kimefungwa kwa taulo.

"Hii ni yake," alisema.

Ilikuwa randa, ile ya mbao ya kizamani, chuma chake kimeota kutu. Nolfa hakuwahi kuiona.

"Mama, umeificha wapi miaka yote hii?"

"Ungeitupa mtoni."

"Ningeitupa kweli."

"Ndiyo maana niliificha. Sasa sikiliza, usinibishie. Kwa don Eleuterio kila fundi alipiga namba yake ya kitambulisho kwenye vyombo vyake, kwa chapa za chuma, maana waliibiana kama paka jikoni. Namba yake hii hapa. Wewe si ndiye bingwa wa namba? Mtafute. Kama yu hai nataka kumuuliza jambo moja tu. Tulimkosea nini?"

Nolfa akavaa miwani. Ubavuni mwa randa, namba ilikuwa imezama ndani ya mbao: sita, kisha nafasi moja laini kabisa iliyolika pale kidole gumba kinapokaa wakati wa kazi, kisha tano mbili, tatu moja nane, kistari, moja. Tarakimu moja tu imefutika. Akili yake ilianza kukimbia yenyewe, akaizuia. Aliifunga randa kwenye taulo, akasema ataangalia.

Hakuangalia. Jumapili hiyo yote alifua, akapiga deki, akasafisha tanuri lililokuwa safi. Jibu lilikuwa mbele yake kwa dakika moja ya kazi, naye alikuwa na hofu nalo, kwa sababu ukishapata namba kamili unapata mtu kamili, mwenye anwani na mlango. Akaamua atalipata darasani, mbele ya watu, mahali ambapo asingeweza kulia. Ujanja wa mwalimu huo: hata msiba wake anautafutia somo.

"Leo hakuna kujitolea," aliwaambia wanafunzi, akaiweka randa mezani. "Nina randa ya mtu. Fundi mmoja wa zamani. Tarakimu yake moja imeliwa na kidole gumba. Tunamrudishia."

"Anadaiwa, Mwalimu?" aliuliza Yerko Fuenzalida, kijana wa kiti cha nyuma ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Sana. Kaa vizuri."

Akaandika ubaoni, na pale palipolika akaweka x. Akaenda kutoka kulia, darasa likiitikia. Nane mara mbili, kumi na sita. Moja mara tatu, tatu. Tatu mara nne, kumi na mbili. Mbili mara tano, kumi. Tano mara sita, thelathini. X mara saba, hatuijui, iache. Sita, tunarudi kwenye mbili, kumi na mbili. Ongeza ile moja ya mwisho.

"Themanini na nne!"

"Toa kumi na moja kumi na moja."

"Zinabaki saba!"

"Ili jumla igawanyike, tunataka nini kutoka kwa saba mara x?"

"Ibaki nne, Mwalimu. Saba na nne, kumi na moja."

"Haya. Saba mara x, ibaki nne. Nani atagawanya kwa saba?"

Msichana mmoja wa mbele, mwenye bidii ya kujibu, akasema nne gawanya kwa saba haiendi. Nolfa alifurahi, kwa sababu kila mwaka lazima mtu aseme hivyo. Akawaeleza kwamba hapa hatugawanyi, tunatafuta mwenzake saba, yule ambaye akizidishwa na saba hubaki moja. Saba mara nane ni hamsini na sita. Ndani yake kuna hamsini na tano, yaani kumi na moja mara tano, inabaki moja. Kwa hiyo mwenzake ni nane. Zidisha pande zote mbili kwa nane: upande huu saba inayeyuka, inabaki x peke yake; upande ule nne mara nane, thelathini na mbili. Toa ishirini na mbili.

"Kumi!" darasa likaitikia.

"Kumi," alisema Nolfa, na mkono wake, ambao kwa maisha yake yote ya ualimu ulikuwa umeandika K kila uliposikia kumi, ukaandika K. Akaifuta x, akaiweka K vizuri mahali pake, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. 6.K52.318-1. Akageukia darasa akingoja makofi.

Makofi hayakuja.

"Mwalimu," alisema Yerko, "K katikati? Huyu fundi ni mtu au ni pikipiki?"

Darasa likaangua kicheko. Nolfa naye alianza kucheka, kisha akaacha. Aligeuka akaitazama ile K. K hukaa mwisho. Katikati hakuna K, haijawahi kuwepo, mtoto wa shule anajua hivyo.

"Nimekosea," alisema. "Ngojeni. Nimekosea kujumlisha."

Akafuta, akajumlisha upya. Themanini na nne. Akatoa upya. Saba. Akaachana na ufundi wote, akafanya kama wafanyavyo wanaoanza: akaijaribu kila tarakimu. Saba mara sifuri, inabaki sifuri. Mara moja, saba. Mara mbili, tatu. Mara tatu, kumi. Mara nne, sita. Mara tano, mbili. Mara sita, tisa. Mara saba, tano. Mara nane, moja. Mara tisa, nane. Alizisoma zile baki moja moja, kwa kidole, akitafuta nne kama mtu anayetafuta sura ya mtoto wake kwenye basi lililofika.

Nne haikuwemo.

Kicheko kilikuwa kimeisha darasani. Yule msichana wa mbele akasema polepole kwamba labda wamesoma vibaya, labda ile tatu ni nane. Wakaja mezani na simu zao, wakaimulika randa kutoka kila upande, wakapitisha kucha kwenye mikato. Chapa za chuma hazina mwandiko mbaya. Tatu ilikuwa tatu, nane ilikuwa nane, na pale palipolika palitosha tarakimu moja tu.

"Basi, Mwalimu," alisema Yerko, safari hii bila utani, "hii namba hakupewa mtu yeyote."

"Hakupewa," alisema Nolfa.

"Kwa hiyo aliibuni?"

Nolfa akakaa. Hakuwahi kukaa darasani. Sasa aliona jambo jingine: mtu aliyebuni namba bila kujua kwamba ya mwisho haichaguliwi angeweza kuangukia baki yoyote kati ya kumi na moja, na baki nyingine zote kumi zina tarakimu ya kuzijibu. Ingekuwa baki nyingine, yeye angepata tarakimu safi, angepigiwa makofi, angetafuta jina, angeenda kugonga mlango wa mzee wa watu asiyejua lolote na kumtapikia matusi ya maisha yake yote. Uongo ule ulikuwa umekamatwa kwa bahati tupu. Baki moja tu ndiyo ingeweza kuufichua, na ndiyo iliyotokea.

Akawaambia waende. Hakuna aliyeuliza kama kuna kazi ya nyumbani.

Orfelina alikuwa jikoni akichambua maharage aliposikia mlango. Alimtazama binti yake usoni, akaweka sinia chini.

"Amekufa," alisema.

"Mama, sijui. Kaa."

"Nimekaa tayari. Sema."

"Namba hii si ya mtu. Haijawahi kuwa ya mtu. Nimeihesabu kila namna. Ilikuwa namba ya kubuni."

Orfelina hakuelewa, na Nolfa akalazimika kurudia, kwamba pale palipolika hakuna tarakimu inayoweza kukaa, hata moja, kwa hiyo serikali isingeweza kumpa mtu namba ile. Alisema huenda Leandro alikosea kuipiga, huenda alikuwa tapeli, hesabu haisemi kwa nini. Hesabu inasema tu kwamba namba ni ya uongo. Mama yake alikuwa bado ameshika punje ya maharage kati ya vidole.

"Kama namba ni ya uongo," alisema hatimaye, "na jina je?"

"Ndilo ninalojiuliza, Mama."

"Alikuwa haitiki," alisema Orfelina. "Ukimwita Leandro, haitiki hadi mara ya pili. Nikadhani ananidharau. Nolfa, mimi nilimnunia mwezi mzima kwa jambo hilo. Mwezi mzima!" Akasimama, akakaa tena. "Na picha. Shangazi alileta mpiga picha siku ya ubatizo wako, yeye akasema tumbo linamuuma, akajifungia chooni. Nikamwambia wewe unaona aibu kupigwa picha na sisi. Hakunijibu. Mungu wangu, hakunijibu kitu."

"Mama, taratibu. Moyo wako."

Lakini Orfelina hakuwa anamsikia tena. Uso wake ulikuwa umebadilika, umetulia kwa namna iliyomtisha Nolfa kuliko kilio.

"Siku aliyoondoka walikuja watu," alisema. "Wawili, wamevaa vizuri. Asubuhi, nikiwa naanika nepi zako. Wakaniuliza kama hapa anaishi Abdón Cárcamo."

"Nani?"

"Nami nikawajibu hivyo hivyo. Nani? Nikawaambia jina gani hilo, hapa hakuna Abdón, mmepotea njia. Nilikuwa nasema kweli, Nolfa! Waliniona nasema kweli, wakaondoka. Mchana baba yako akaja kula. Nikamhadithia. Nikamhadithia huku nacheka! Nikamwambia, hebu fikiria, kuna mtu anaitwa Abdón, maskini, mama yake alimchukia." Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akaendelea kusema kupitia vidole. "Akaweka kijiko chini. Kisha akakichukua, akamaliza supu, akaomba mkate mwingine. Akakubeba wewe, akakunusa kichwani. Akasema gundi imeisha karakanani, anaenda kununua. Akaenda na nguo zilizokuwa mwilini."

Maisha yake yote Nolfa alijua kwamba baba yake aliondoka kwa sababu hakuwapenda. Lilikuwa jambo analolijua kama anavyojua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda, hana hakika na kitu.

Kuna mahali mtandaoni ambapo wamewekwa watu waliokamatwa na wanajeshi enzi zile wasirudi, majina yao na picha zao. Kila mtu Chile anapajua. Nolfa aliwahi kutafuta humo, kwa siri, akiwa mwanafunzi: Leandro Gormaz hakuwemo. Aliufunga ukurasa akiwa na hasira mpya, akahitimisha kwamba mzee yu hai, ananenepa kwa nyama choma huko Mendoza, Argentina. Sasa alichukua simu. Aliandika jina vibaya mara ya kwanza. Abdón Cárcamo.

Akatokea.

Mwanafunzi wa umeme, mzaliwa wa kisiwa cha Chiloé. Alikamatwa katika kituo cha mabasi cha Linares, mwezi na mwaka ule ule Leandro alioondoka. Nolfa alisoma tarehe kwa sauti. Mama yake akaanza kuhesabu kwa vidole kutoka siku ya nepi, akaacha.

"Ni siku ile ile," alisema. "Hakufika mbali. Linares ni hapo tu. Nilikuwa bado namwekea chakula."

"Mama, alitaka wamfuate yeye. Wasirudi hapa."

"Najua. Usinielezee. Najua." Akanyoosha mkono. "Nipe nimwone."

"Una hakika?"

"Sina picha yake hata moja. Lete."

Nolfa akampa simu. Orfelina akaisogeza mbali, akaileta karibu, akatafuta mwanga wa dirisha. Ilikuwa picha ya kitambulisho cha chuo, kijana mwembamba, nywele zimelazwa kwa maji, masikio makubwa yaliyokuwa ya Nolfa kabisa. Kwa miaka yote mwanaume aliyelaaniwa katika nyumba ile alikuwa amezeeka pamoja nao; walimpa mvi, walimpa tumbo, walimpa mke na wajukuu wa kujidai nao. Nolfa alisubiri mama yake alie. Hakulia. Alimtazama yule kijana kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiye wake mlangoni.

"Lakini Nolfa," alisema, "mbona ni mtoto?"